Mbwa kwenye Gunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Muuzaji wa Mbali Anayeongeza Nauli na Bima

Maswali haya ni ya mtu aliyeko Malindi, Watamu au Lamu ambaye amemwona mtoto wa mbwa mtandaoni, na muuzaji anasema yuko Eldoret, Nairobi au ng'ambo. Bei zote za mfano ni kwa shilingi za Kenya.

Mchezo wenyewe huendaje?

Tapeli wa aina hii hauzi mbwa, anauza safari ya mbwa. Bei ya mnyama ni chambo tu, ndiyo maana huwa ya chini. Pato lake liko kwenye nauli, kreti, bima na karantini, kwa sababu ukishatuma pesa ya kwanza, kila pesa inayofuata unaituma ili kuiokoa ile iliyotangulia.

Chukua mfano wa mkazi wa Muyeye, Malindi, anayetafuta mbwa wa kulinda boma. Jumatatu jioni anaona tangazo: shepadi wa Kijerumani, dume, wiki 8, shilingi 15,000. Muuzaji anasema yuko Eldoret, anahamia ng'ambo, na anachotaka ni mbwa apate watu wa kumpenda. Mnunuzi anatuma 15,000.

Jumanne saa tatu asubuhi inaingia meseji kutoka namba nyingine inayojiita kampuni ya kusafirisha wanyama. Nauli ya ndege hadi Malindi ni 4,500. Anatuma. Saa sita, kampuni inasema kreti aliyowekwa mbwa ni ya mbao na ndege imeikataa, kwa hiyo akodishe kreti yenye kiyoyozi kwa 9,800, pesa atakayorudishiwa mbwa akifika. Anatuma. Saa kumi inakuja bima, 14,500, na asilimia 95 yake itarudishwa siku ya kumpokea. Hapo hana tena pesa, anamalizia kwa Fuliza. Jumatano asubuhi mbwa "yuko karantini": 18,000, na kila siku ikipita inaongezeka 2,000.

Hesabu ya alichokwisha tuma ni 15,000 na 4,500 na 9,800 na 14,500, jumla 43,800, kwa mbwa wa 15,000. Tazama jinsi ada zilivyopangwa. Nauli ni ndogo, ya kumfungua mkono. Baada ya nauli kila ada inaizidi iliyotangulia. Zile kubwa zinaitwa za kurudishwa, ili mtu ajione anaweka akiba wala hatumii. Na kila moja ina saa yake ya mwisho, ili asipate muda wa kumuuliza mtu.

Je, haiwezekani muuzaji wa kweli naye akasahau gharama fulani?

Gharama moja ndogo, inawezekana. Lakini msafirishaji wa kweli hatoi bei kabla ya kujua vitu vitatu: mbwa ana uzito gani, kreti ina vipimo gani, na anatoka wapi kwenda wapi. Shepadi wa wiki 8 huwa na kilo kama 5 hadi 9, na uzito wa kreti unaongezwa juu yake. Aliyeshika vipimo hivyo ameshajua kreti ni ya aina gani. Hawezi kupokea nauli asubuhi halafu agundue mchana kwamba kreti haifai.

Ndiyo sababu ada ya pili isiyokuwemo kwenye bei ya kwanza inatosha kukusimamisha. Usingoje ya tatu.

Kuna njia ya haraka ya kumpima bila kugombana naye?

Ipo. Amesema pesa ya kreti itarudishwa? Basi mwambie aikate humo. Mazungumzo huwa hivi:

"Ndugu mteja, bima ilipwe kabla ya saa kumi na moja, la sivyo mbwa atarudishwa."
"Hakuna shida. Mnayo 9,800 yangu ya kreti ambayo ni ya kurudishwa. Kateni humo, iliyobaki nitawapa mkononi nikimpokea uwanjani."
"Mfumo haukubali, ndugu. Lipa kwanza."

Msafirishaji mwenye mbwa kweli ana mnyama wako na ana pesa yako, kwa hiyo hana hofu ya kudai iliyobaki wakati wa kukabidhi. Tapeli hana cha kukabidhi, na hiyo siku ya kukutana haitafika. Jibu la "mfumo haukubali" ni sawa na kukiri.

Bima ya kurudishwa ipo?

Haipo. Bima ni kumlipa mtu abebe hatari kwa niaba yako. Safari ikiisha salama, ada yake imekwenda, kama vile bima ya gari isivyorudishwa mwisho wa mwaka eti kwa kuwa hukupata ajali. Pesa inayowekwa na kurudishwa ni amana, na anayeiita bima ama hajui anachouza ama anakudanganya.

Angalia pia kiasi. Ada ya bima huwa sehemu ndogo ya thamani ya kitu kinachokatiwa bima. Bima ya 14,500 kwa mbwa wa 15,000 maana yake ni kwamba ungeweza karibu kununua mbwa wa pili. Na bima ya kweli ina kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ina namba ya sera, na jina lako limo. Omba jina la kampuni ya bima, kisha uipigie kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye "cheti" ulichotumiwa.

Na kreti yenye kiyoyozi?

Hiyo ni hadithi. Masharti ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, IATA, yanataka kreti imara ambamo mnyama anaweza kusimama wima, kugeuka na kulala kama kawaida, yenye matundu ya hewa, chombo cha maji, kitu cha kufyonza mkojo, na alama ya kuonyesha ndani mna mnyama hai. Inaweza kuwa ya plastiki ngumu, na ya mbao iliyotengenezwa vizuri inakubalika pia. Mbwa hahitaji kiyoyozi ndani ya boksi. Mtumaji hununua au hutengeneza kreti na bei yake inaingia kwenye gharama tangu mwanzo.

Masharti hayohayo hayaruhusu mtoto wa mbwa kupanda ndege kabla ya kufikisha wiki 8. Muuzaji anayekuahidi kumrusha mbwa wa wiki 5 anakwambia, bila kujua, kwamba hajawahi kusafirisha mbwa.

Wanasema amezuiliwa karantini uwanja wa ndege. Nitajuaje?

Anza kwa kuuliza ametoka wapi. Kama ni ndani ya Kenya, safari ya kutoka Nairobi hadi Malindi au Manda haina forodha. Mnyama anaweza kuhitaji karatasi za daktari wa mifugo, lakini karatasi hizo hutafutwa na mtumaji kabla ya kusafirisha, na hakuna anayelipia kwa simu mnyama akiwa njiani. Kwa walioko Lamu jambo ni rahisi zaidi: uwanja uko Manda, ng'ambo ya maji tu. Panda boti uende ukaulize ofisi ya mizigo. Aliyeko Malindi uwanja uko mjini, bodaboda inakufikisha. Safari hiyo haiwezi kukugharimu 18,000.

Kama wanasema ametoka nje ya nchi, kibali cha kuingiza mbwa Kenya hutolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, na huombwa kabla mnyama hajaondoka kwao. Kama hukuwahi kuomba kibali na hukumtuma mtu akuombee, hakuna mbwa wako aliyezuiliwa popote. Isitoshe, mzigo wa kimataifa ungepitia uwanja mkubwa kama wa Nairobi au Mombasa kwanza. Anayesema ndege ya mizigo kutoka Ulaya imetua Malindi na mbwa wako ndani hajui Malindi.

Nimetumiwa namba ya kufuatilia mzigo, na tovuti inaonyesha mbwa yuko njiani. Si ushahidi huo?

Tovuti ya aina hiyo inatengenezwa kwa siku moja, na anayeandika "mzigo umefika Nairobi" ni yuleyule anayekuomba pesa. Fungua lookup.icann.org, andika jina la tovuti, utazame mstari wa Created. Kampuni inayojisifu kusafirisha wanyama kwa miaka ishirini huku tovuti yake ikiwa na wiki sita, achana nayo.

Kipimo kizuri zaidi kiko kwenye namba yenyewe. Hati ya mzigo wa ndege ya kawaida ina tarakimu 11. Tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Za Kenya Airways, kwa mfano, ni 706. Nane zinazobaki ni za mzigo, na ile ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi: chukua tarakimu saba, gawanya kwa 7, na baki ndiyo iwe tarakimu ya nane.

```
706-12345675
1234567 ÷ 7 = 176366, baki 5   → inakubaliana
706-12345678
baki ni 5, si 8                → namba ya kubuni
```

Namba nyingi za matapeli huanguka hapo, kwa sababu ni herufi na tarakimu za kupendeza macho tu. Lakini namba ikikubaliana bado hujamaliza, maana inaweza kuwa imenakiliwa kwenye mzigo wa mtu mwingine. Iingize kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, uone kama njia, uzito na idadi ya vifurushi vinafanana na mbwa wako. Ndege ndogo za ndani zina risiti zake tofauti. Kwa hizo, piga simu ofisini kwao.

Picha na video nilizoona ni za mbwa halisi kabisa.

Ni za mbwa halisi, ila wa mtu mwingine. Bonyeza picha na uitafute kwa Google Lens. Ukiikuta kwenye tangazo la nchi nyingine, umekwisha pata jibu. Usipoikuta, bado si salama, kwa sababu picha mpya zilizoibwa huenda hazijaingia huko.

Kisha mtazame mbwa mwenyewe. Masikio ya shepadi wa wiki 8 kwa kawaida bado yamelala, au moja limeanza kuinuka kwa kusitasita. Mara nyingi husimama kabisa kati ya miezi mitatu na mitano. Picha ya "wiki 8" yenye masikio mawili yaliyosimama kama ya farasi ni ya mbwa mkubwa zaidi ya huyo unayeuziwa.

Video ya kurekodiwa haina thamani. Omba simu ya video, na ukiwa hewani sema jambo ambalo hakuweza kulitayarisha: amgeuze mbwa tumbo juu, amfunue ufizi, amweke karibu na mama yake, aandike jina lako kwenye karatasi na kuiweka pembeni mwa mbwa. Mwenye mbwa anafanya haya kwa dakika mbili, huku akicheka. Tapeli atakwambia kamera imeharibika, au mbwa ameshapelekwa kwa msafirishaji. Jibu hili la pili ndilo wanalolipenda, kwa sababu linafunga mlango wa kumwona mbwa na kufungua wa nauli kwa wakati mmoja.

Kadi ya chanjo wameituma. Nisome nini ndani yake?

Soma tarehe kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza mbwa akiwa na miezi mitatu hivi. Kadi ya mbwa wa wiki 7 inayoonyesha ameshachanjwa kichaa inatia shaka. Chanjo ya parvo na wenzake huanza wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka karibu wiki ya 16. Kwa hiyo mbwa wa wiki 8 "aliyemaliza chanjo zote" hayupo.

Baada ya tarehe, tafuta vibandiko vidogo vinavyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, vyenye namba ya toleo, na mhuri wa daktari. Daktari wa mifugo Kenya husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na ana namba ya usajili. Litafute jina lake kwenye orodha ya Bodi, kisha umpigie kliniki umuulize kama kadi ni yake. Kwa karatasi za ukoo wa mbwa, anayeziandikisha ni East Africa Kennel Club ya Nairobi, wapigie wao.

Jina kwenye M-Pesa linaweza kuniambia nini?

Mengi, ukilisoma kabla pesa haijaondoka. Muuzaji anajiita Daktari fulani, jina linalotokea ni la msichana. Kampuni ya usafirishaji inapokea kwa namba ya mtu binafsi badala ya Paybill. Muuzaji na "kampuni" wanaojifanya hawajuani wanapokea kwa namba ileile, au kwa majina mawili ya ukoo mmoja. Kila ada inakwenda kwa namba mpya. Jina likikataa kulingana, ghairi hapohapo. Sababu kama "ni simu ya mke wangu, yangu imejaa" huwa ni ya kawaida sana kwao.

Nimeshatuma. Nifanye nini sasa hivi?

Fanya kwa mpangilio huu, kwa sababu la kwanza linategemea dakika.

Tuma ile meseji ya uthibitisho wa M-Pesa kwenda 456 kuomba kurudishiwa. Kinachoamua ni kama pesa bado iko kwa aliyepokea. Wanajua hivyo, na hutoa kwa wakala mara moja, kwa hiyo malipo ya leo yana tumaini kuliko ya juzi. Ukikuta umetuma mara nne, omba kwa zote nne, ukianza na ya mwisho. Kisha tuma meseji zao za kitapeli kwenda 333, ili namba ichunguzwe.

Usiifungie namba ya tapeli na usifute chochote. Kwenye WhatsApp, fungua mazungumzo yenu, ingia kwenye menyu, chagua Export chat, ujitumie kwa barua pepe. Piga picha za skrini za tangazo na wasifu wa muuzaji, maana tangazo litafutwa. Toa taarifa ya M-Pesa ya siku hizo.

Nenda kituo cha polisi cha karibu ukiwa na hayo, uandikishe, na usiondoke bila namba ya kitabu cha matukio, ile OB. Omba suala lipelekwe kwa wapelelezi wa DCI, ambao pia wana simu ya bure, 0800 722 203. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka mitatu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 nayo inahusika. Usiende ukisema tu "nimeliwa pesa." Andika karatasi moja yenye tarehe, saa, kiasi, namba iliyopokea na jina lililotokea, mstari mmoja kwa kila malipo. Afisa akipewa karatasi hiyo ana pa kuanzia.

Kama ulitumia Fuliza, lilipe deni hilo haraka iwezekanavyo. Linaongezeka kila siku, hata kama mbwa hakuwahi kuwepo.

Wananitishia kwamba nikikataa kulipa nitashtakiwa kwa kumtelekeza mnyama.

Hii hutumwa mtu akishagoma, mara nyingi na nembo ya polisi juu ya barua. Polisi wa Kenya hawamwiti mtu kwa WhatsApp ili alipe kwa namba ya simu. Huwezi kumtelekeza mbwa usiyewahi kumpokea. Ihifadhi barua hiyo, ni ushahidi mzuri, na usijibu neno.

Mtu mwingine amenitafuta, anasema anaweza kunirudishia pesa zangu.

Kwa ada kidogo kwanza, sivyo? Ni walewale, au wamemuuzia mwingine namba yako.

Matapeli hawa wako wapi hasa?

Wengine wako hapahapa nchini. Wengine wako mbali: Aprili 2022 kampuni ya Google ilifungua kesi Marekani dhidi ya mtu wa Kameruni, ikidai alitumia huduma zake kutangaza watoto wa mbwa wasiokuwepo. Kwako wewe tofauti ni moja: aliyepokea kwa laini ya Kenya ameacha alama ambayo polisi wanaweza kuifuata, na aliyepokea kwa kadi za zawadi au sarafu za kidijitali ni vigumu zaidi kumfuata. Anayekataa M-Pesa na kutaka kadi za zawadi, usimpe hata salamu.

Na kasuku je? Au paka wa Kiajemi?

Ngazi ya ada ni ileile. Kwa kasuku wa kijivu wa Afrika kuna balaa la ziada: tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku. Ukitapeliwa utaona haya kwenda kuripoti, na tapeli anaitegemea haya hiyo. Kuhusu paka, mtu wa Lamu kumtumia mgeni pesa ili apate paka ni kichekesho cha peke yake. Toka nje ya mlango.

Sasa ninunueje kutoka mbali bila kuuziwa mbwa kwenye gunia?

Tafuta macho yako mahali alipo mbwa. Mtu wa Pwani hakosi ndugu, jirani wa zamani au mtoto wa shangazi anayesoma Nairobi au Eldoret. Mwombe aende nyumbani kwa muuzaji mchana, amwone mbwa pamoja na mama yake, na akupigie video akiwa pale. Ukikosa ndugu, ipigie kliniki ya mifugo ya mji ule, iliyo kwenye orodha ya Bodi, uwaombe wamkague mbwa. Muuzaji amlete kliniki, wewe uilipe kliniki. Muuzaji wa kweli hupenda hivyo, kwa sababu mbwa wake anapata cheti cha afya bila yeye kutoa senti.

Pesa ya mbwa ilipwe hapo, mbwa akiwa mikononi mwa mtu wako. Usafiri upange mwenyewe, wewe uchague msafirishaji na umlipe wewe, baada ya kumpigia na kupata bei moja iliyoandikwa: nauli, kreti, na mahali pa kupokelea. Anayekwenda Lamu kwa barabara akumbuke kuuliza nani atambeba mbwa kutoka Mokowe, kwa kuwa basi linaishia hapo na boti ni gharama nyingine, ya kweli hii, na inajulikana kabla.

Muuzaji akisema msafirishaji lazima awe wake, na mtu wako asije, muulize mara moja tu kwa nini. Kisha ulinganishe jibu na ile meseji ya saa tatu asubuhi hapo juu.